Kufunga Kabati Bila Mchoro: Soma Matundu ya Ubao

Kabati la nguo ulilonunua Kariakoo limefika Mbeya kwa basi. Boksi halijapasuka, mbao zote zipo, mfuko wa skrubu haujaguswa. Karatasi ya maelekezo ndiyo iliyobaki Dar, mezani kwa mjomba. Ameipiga picha na kukutumia, ila kwenye simu yako kinaonekana kiboksi cha kijivu kisichofunguka, na chini yake ameandika: "Fuata mchoro, ni rahisi." Ukimwomba airudie, huenda ikafika kesho. Wakati huo mbao zimeenea chumba kizima na kitanda kimesimamishwa ukutani.

Kazi inaweza kuendelea. Kiwanda kilipotoboa matundu kwenye mbao kiliweka maelekezo humo humo, kwa sababu kila tundu lina kipenyo na kina chake, na kila tundu linapokea kitu kimoja tu. Mchoro wa karatasi ni nakala ya matundu hayo. Unachohitaji ni kuyasoma, kuyaeleza kwa maneno yasiyo na utata pale unapomuuliza mwenye karatasi, na kujua kipi kitangulie kipi.

Tuchukue kabati moja la kawaida ili tusizungumze hewani: milango miwili, kimo sm 180, upana sm 80, kina sm 47, mbao za chipubodi zenye unene wa mm 15. Ndani kuna ubao wa kugawa katikati. Upande mmoja una shelfu, upande wa pili una bomba la kutundikia nguo. Mgongo ni wa hadibodi ya mm 3. Kabati lako likitofautiana na hili kwa vipimo, namna ya kufikiri ni ile ile.

Zitambue mbao kwanza

Usifungue mfuko wa skrubu bado. Tandaza boksi sakafuni, simamisha mbao ukutani moja moja, na chukua tepu ya kupimia na penseli. Angalia kama kuna stika au namba zilizopigwa muhuri kwenye kingo, maana viwanda vingi huzibandika, na namba hizo ndizo zilizoandikwa kwenye karatasi ya mjomba. Kama hazipo, tutazipa mbao majina ya mwili wa kabati: ubavu, kichwa, sakafu, kati, mgongo. Andika jina kwa penseli kwenye ukingo wa nyuma, usioonekana.

Ukingo wa nyuma unaujuaje? Ukingo wa mbele umebandikwa utepe wa rangi ya ubao, ule wa nyuma mara nyingi umeachwa chipubodi ikiwa wazi, au una utepe mwembamba wa rangi nyingine. Hiyo ni dalili ya kwanza, lakini usiitegemee peke yake, kwani viwanda vingine hubandika utepe pande zote. Dalili ya uhakika zaidi iko kwenye mbavu: tafuta matundu madogo mawili mawili yaliyopangana wima, umbali wa mm 32 kutoka tundu hadi tundu, yakiwa mm 37 kutoka ukingo mmoja. Hayo ni ya vibati vya bawaba. Ukingo ulio karibu nayo ndio mbele, bila mjadala. Vipimo hivyo viwili, 32 na 37, vinatokana na utaratibu wa utobozi uliojengwa Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili na kufuatwa sasa na viwanda vya samani karibu dunia nzima, ndiyo maana bawaba ya mtengenezaji mmoja huingia kwenye kabati la mwingine.

Sasa tunajua mbele ya ubavu. Tutafute juu na chini. Pima kutoka kila ncha ya ubavu hadi safu ya kwanza ya matundu ya mm 8 au ya pini. Kwenye kabati letu, upande mmoja safu hiyo iko mm 7 na nusu tu kutoka kwenye ncha. Hiyo ni nusu ya unene wa ubao, maana yake ubao unaokuja hapo utakuwa sambamba na ncha: hiyo ni juu, mahali pa kichwa. Upande wa pili safu iko karibu sm 9 kutoka kwenye ncha, na chini yake kuna matundu mengine mawili matatu mbele na nyuma. Hapo sakafu ya kabati imeinuliwa, na matundu ya chini ni ya mbao mbili fupi za kuikinga sakafu, tuziite vikinga, zenye kimo cha sm 8. Hiyo ni chini.

Weka mbavu zote mbili sakafuni, nyuso za ndani zikitazama juu, kingo za mbele zikigusana. Zinapaswa kufanana kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Zikiwa tofauti mahali fulani, tofauti hiyo inakuambia kitu: ubavu mmoja una matundu mengi madogo ya mm 5 yaliyojipanga kwenda juu, ya kushikilia shelfu za kuhamishika, na mwingine una matundu mawili tu karibu na juu, ya kikombe cha bomba la nguo. Wa kwanza ni ubavu wa shelfu, wa pili ni ubavu wa nguo. Usiseme kushoto na kulia hadi umekubaliana na mwenzako kwamba kushoto ni kushoto kwa mtu aliyesimama mbele ya kabati akiitazama milango. Ugomvi mwingi wa kwenye simu huanzia hapo.

Kichwa na sakafu vina urefu sawa, sm 77, kwa sababu vinakaa katikati ya mbavu: sm 80 ukitoa unene wa mbavu mbili. Vilinganishe tundu kwa tundu. Vikiwa pacha kweli kweli, chochote kitakaa popote na usipoteze muda. Kitu cha kuangalia ni matundu mapana ya mm 15 yasiyopenya. Yanachimbwa kwenye uso usioonekana, kwa hiyo kwenye kichwa yanatazama juu na kwenye sakafu yanatazama chini.

Ubao wa kati ndio unaokosewa zaidi kuliko wote, kwa hiyo tuupe muda. Urefu wake ni sm 169: kimo cha 180, toa sm 1.5 ya kichwa, toa sm 9.5 za kikinga na sakafu. Una matundu pande zote mbili, shelfu upande mmoja na bomba upande mwingine. Ukiugeuza juu chini utaingia vile vile, na hutagundua hadi shelfu isimame mshazari. Uhakikishe kwa hesabu ndogo. Pima kwenye ubavu wa shelfu, kutoka ncha ya chini hadi matundu ya shelfu isiyohamishika. Tuseme umepata sm 100. Kwenye ubao wa kati, matundu yale yale lazima yawe sm 90.5 kutoka ncha yake ya chini, kwa kuwa wenyewe unaanzia juu ya sakafu, sm 9.5 kutoka ardhini. Ukipata sm 78.5, umeupima kutoka juu. Ugeuze, kisha andika "chini" kwa penseli pale pale.

Shelfu ni nyepesi kutambua. Ile yenye matundu kwenye kingo zake fupi ni ya kudumu na inashiriki kulishika kabati. Zisizo na tundu lolote ni za kuhamishika, na mara nyingi ni fupi kwa mm 2 au 3 ili ziingie bila kukwaruza. Ukizilinganisha kwa kuzisimamisha pamoja, tofauti hiyo utaiona.

Mfuko wa skrubu

Mwage kwenye sahani pana au kifuniko cha sufuria, kisha tenga kwa aina na uhesabu. Hesabu ndiyo itakayokuambia kipi ni cha wapi.

Kuna vipande vizito vya madini, duara, vipana mm 15, vyenye mkato wa bisibisi juu na uwazi ubavuni. Tuviite makufuli. Kila kufuli lina mwenzake: pini ya chuma yenye nyuzi fupi upande mmoja, shingo laini, na kichwa kidogo upande wa pili. Nyuzi za pini zinaingia kwenye uso wa ubao mmoja, kichwa chake kinapenya ukingo wa ubao wa pili hadi ndani ya kufuli, na kufuli likizungushwa linakikamata kichwa na kuvuta mbao zikutane. Idadi ya makufuli na pini lazima ilingane. Kwenye kabati letu ni 16 kwa 16: manne ya kichwa, manne ya sakafu, manne ya vikinga viwili, manne ya shelfu ya kudumu. Ukihesabu matundu mapana ya mm 15 kwenye mbao zote ukapata 16, umeshajua kwamba hakuna kilichopotea, hata kabla ya kumpigia mtu.

Vijiti vya mti vyenye mistari, unene mm 8 na urefu karibu mm 30, havikazwi na chochote. Kazi yake ni kuzuia ubao usiteleze pembeni. Vinaingia kwenye matundu ya mm 8, nusu huku nusu kule.

Skrubu nene kuliko zote, karibu mm 7 kwa mm 50, yenye nyuzi pana na kichwa cha tundu la pembe sita, hupenya uso wa ubao mmoja na kuingia kwenye ukingo wa mwingine. Inakazwa kwa alenkii, kile kichuma cha pembe sita kilichopinda kama herufi L, ambacho huwa ndani ya mfuko. Itafutie tundu linalopenya ubao upande hadi upande. Kwenye kabati hili yapo mawili kwenye kichwa na mawili kwenye sakafu, yote kwa ajili ya ubao wa kati. Skrubu nne, matundu manne.

Zinabaki skrubu ndogo za kichwa cha nyota, na hapa ndipo mbao nyingi hutobolewa. Tenga zenye ncha kali na zenye ncha butu. Zenye ncha butu na nyuzi za karibu karibu ni za vishikio vya milango: zinapita kwenye ubao na kushika chuma, haziumi mbao. Zenye ncha kali ni za bawaba na vikombe vya bomba. Bawaba sita zenye skrubu nne kila moja zinahitaji skrubu 24, kwa hiyo rundo kubwa la skrubu zinazofanana ni la bawaba. Zile zinazobaki, nne au nane, ni za bomba. Kabla ya kuikaza skrubu yoyote, iweke sambamba na ukingo wa ubao pamoja na kibati inachokishika. Ncha iishie angalau mm 2 kabla ya uso wa pili. Ikifika ukingoni au kuzidi, hiyo si ya hapo, hata kama inaingia tunduni vizuri. Skrubu ya mm 20 kwenye ubao wa mm 15 itaota upande wa pili wa mlango, na hilo halifichiki.

Misumari midogo iliyobaki ni ya mgongo.

Kumuuliza mjomba kwa maneno

Ukishafika hapa maswali yako yatakuwa machache, na ndiyo yanayofaa kutumwa. Swali la "ule ubao mkubwa unakaa wapi?" halijibiki, kwa sababu mbao kubwa ziko tano. Ubao unaelezwa kwa mambo manne: urefu na upana wake, kingo zipi zina utepe, matundu yapi yako wapi, na unauitaje wewe. Ujumbe wako uwe hivi:

"Mjomba shikamoo. Picha imegoma kufunguka, nisomee karatasi kwa maneno. Nina ubao wa sm 169 kwa sm 47, utepe ukingo mmoja mrefu. Uso mmoja una matundu madogo mengi ya mm 5, uso wa pili una mawili tu, sm 5 kutoka ncha moja. Nimeuita wa kati. Kwenye karatasi unasimama lini, kabla ya mbavu au baada? Na mgongo umechorwa ukipigiliwa misumari au ukiteleza kwenye mfereji?"

Na mjomba naye asijibu "hatua ya 4, chukua F uweke kwenye C." Herufi bila mchoro hazina maana kwako. Ajibu anachokiona: "Marahaba. Hatua ya 4 naona ubao uliosimama katikati ya mbao mbili fupi, skrubu ndefu zinatokea nje, mbili juu mbili chini. Mbavu bado hazijawekwa. Mgongo una misumari pembeni kote." Sauti ya dakika moja ya namna hiyo inamaliza kazi ya picha. Mwombe pia akuhesabie vitu kwenye ukurasa wa kwanza wa karatasi, kule kunakochorwa skrubu na idadi yake. Hesabu hiyo ukiilinganisha na ya kwako, mtajua mapema kama mfuko una upungufu, na dukani utakwenda na madai yenye namba.

Kipi kitangulie

Mpangilio wa kazi unatokana na swali moja unalojiuliza kabla ya kila hatua: nikifunga hiki, kuna tundu ambalo mkono au bisibisi haitalifikia tena? Kama lipo, linatangulia.

Kwa hiyo vitu vya kukaza kwenye uso wa ubao vinakuja kwanza, mbao zikiwa bado zimelala. Kaza pini zote 16. Kaza vibati vya bawaba kwenye mbavu na vikombe vya bomba kwenye ubavu wa nguo na ubao wa kati. Tumia bisibisi ya mkono. Drili ya umeme inakaza haraka na inang'oa nyuzi za chipubodi haraka vile vile, na wewe hutasikia. Pini inakazwa hadi bega lake liguse uso wa ubao, basi, na isimame wima. Ikiinama hata kidogo, kichwa chake hakitaingia kwenye kufuli.

Tundu likishalegea, usiendelee kukaza. Lijaze kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, zivunje sambamba na uso, acha ikauke usiku kucha, kisha rudisha skrubu taratibu.

Kazi yenyewe ifanyie sakafuni, kabati likilalia uso, yaani kingo za mbele zikiwa chini juu ya boksi lililotandazwa na nyuma ikitazama dari. Lakini pima kwanza. Kabati linaposimamishwa kutoka kulala, kona yake ya nyuma huinuka juu kuliko kimo chake. Kwa sm 180 na kina cha sm 47 kona hiyo hupita kwenye sm 186. Kwa kabati la sm 220 na kina cha sm 60 ni sm 228, na zipo nyumba ambazo dari haifiki hapo. Ikiwa ni hivyo, itabidi lijengwe likiwa limesimama, watu watatu, na mgongo upigiliwe ukiwa na nafasi nyuma.

Anza na umbo la katikati: kichwa, ubao wa kati, sakafu. Ingiza vijiti, kutanisha, kaza skrubu nne nene kwa alenkii. Zinatangulia kwa sababu baadaye vikinga vitabana sehemu ya chini ya sakafu na alenkii haitakuwa na nafasi ya kuzunguka. Kisha chomeka shelfu ya kudumu kwenye pini za ubao wa kati, makufuli yake yakitazama chini ya shelfu. Shelfu hii inasahaulika mno. Ubavu ukishafungwa bila shelfu kuwepo, haiingii tena, kwa sababu pini za pande zote mbili zimechomoza na pengo ni la urefu wa shelfu kamili. Utalazimika kufungua.

Sasa chomeka vikinga viwili kwenye ubavu wa shelfu, halafu mtu mmoja ashike umbo la katikati na mwingine ausogeze ubavu hadi vijiti na pini vyote viingie kwa pamoja: kichwa, sakafu, vikinga, shelfu. Usigonge kwa nyundo. Kama kuna pengo la mm 5 lisilozibika, kuna kijiti kimepinda au pini moja haijakaa sawa na tundu. Rudisha nyuma uangalie.

Kufuli lina mshale juu yake. Unapolitia tunduni mshale utazame ukingo ambako pini inaingilia, kwani hapo ndipo uwazi wake ulipo. Mshale ukitazama kwingine, pini itagonga ukuta wa kufuli na mbao hazitakutana. Zikishakutana, lizungushe kufuata mwendo wa saa, karibu nusu duara, hadi likatae. Kama linazunguka bila kukataa kabisa, halijakikamata kichwa cha pini: pini imezama mno au ubao haujafika. Likikataa, acha. Ukiongeza nguvu, chipubodi iliyo nyuma ya kufuli itapasuka, na ufa wake hauna dawa nzuri. Kwa ubavu wa kwanza, yakaze nusu tu. Lete ubavu wa pili, uufunge, ndipo upite kwenye makufuli yote 16 ukiyakaza moja moja.

Vijiti vitiwe gundi? Mwenye nyumba yake, asiyefikiria kulihamisha, anaweza, na kabati litakuwa imara zaidi. Mpangaji asitie. Siku ya kuhama atataka lilale bapa tena, na kijiti kilichogandishwa hakichomoki bila kubomoa ukingo.

Mgongo

Hadibodi nyembamba ya mgongo ndiyo inayozuia kabati lisilalie upande. Kabla yake, fremu uliyofunga inaweza kuyumba kushoto na kulia kwa sentimita nzima. Kwa hiyo mahali ulipoipigilia ndipo itakapobaki, na milango itafuata.

Pima mshazari. Kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha ile nyingine. Kwa sm 80 kwa 180 kila mmoja unapaswa kuwa karibu sm 197, lakini namba yenyewe si muhimu. Muhimu ni kwamba iwe sawa pande zote mbili. Mmoja ukiwa sm 197.6 na mwingine 196.4, sukuma kwenye kona za ule mrefu, taratibu, pima tena, hadi tofauti isizidi mm 2. Ndipo uweke hadibodi. Kwenye kabati letu ni mbili, zinakutana juu ya ukingo wa ubao wa kati, kila moja ikichukua nusu ya unene wa mm 15. Piga mstari wa penseli katikati ya ukingo huo ili misumari isikose. Anza kona moja, fuata ukingo mmoja mrefu, pima mshazari kwa mara nyingine, kisha malizia, msumari mmoja kila sm 10 hadi 15. Ncha ya msumari ielekee katikati ya unene wa ubao. Ukielekea ndani utachomoza mahali zinapokaa nguo, na shati litakuwa la kwanza kukuambia.

Sasa lile swali ulilomuuliza mjomba kuhusu mfereji. Ukiona mfereji mwembamba wa mm 3 au 4 ukipita kwa urefu kwenye nyuso za ndani za mbavu, karibu na nyuma, kabati lako si la misumari. Hadibodi inateleza humo, na lazima iteleze kabla ya ubao wa mwisho kufunga njia. Mpangilio wote unabadilika: kichwa kinaachwa hadi mwisho, mgongo unashushwa kutokea juu, ndipo kichwa kinakuja kufunika. Utafute mfereji huo kabla hujakaza skrubu ya kwanza.

Kulisimamisha, na milango

Lisimamishe mkiwa wawili, mkishika mbavu karibu na kichwa na si hadibodi. Likishafika mahali pake, lifunge ukutani kabla ya milango. Kibati cha pembe mraba juu ya kichwa, skrubu moja kwenye kichwa na moja ukutani kwenye plagi ya plastiki. Mara nyingi kibati hicho kimo mfukoni na ndicho watu wanachobaki nacho mkononi wasijue ni cha nini. Milango miwili ikifunguliwa pamoja, uzito wake unahamia mbele, na mtoto akiining'inia kabati litamwangukia. Ukuta ukiwa wa tofali, toboa kwenye tofali lenyewe, si kwenye saruji kati ya tofali na tofali.

Mlango una matundu mapana ya mm 35, ya vikombe vya bawaba. Usikisie upi wa kushoto. Usimamishe mlango kando ya ubavu na ulinganishe kimo cha matundu hayo na vibati ulivyokaza. Vinalingana upande mmoja tu. Kama vinalingana pande zote mbili, tundu la kishikio ndilo linaloamua, kwa kuwa lazima liwe upande wa katikati ya kabati. Kaza bawaba kwenye mlango ukiwa umelala, kisha mmoja aubebe na mwingine achomeke bawaba ya juu kwanza ili uzito upate pa kuning'inia, halafu zinazofuata.

Usishtuke milango ikikaa vibaya mwanzoni. Bawaba ina skrubu za kuirekebisha. Ile ya mbele, iliyo karibu na mlango, inausogeza mlango kushoto au kulia. Ya nyuma ikilegezwa, mlango unaweza kuvutwa karibu na kabati au kutolewa nje kidogo, kisha inakazwa tena. Skrubu mbili za kibati chenyewe zikilegezwa, mlango mzima unapanda au kushuka. Anza na kimo: ncha za juu za milango ziwe mstari mmoja. Halafu pengo la katikati: likiwa jembamba juu na pana chini, rekebisha bawaba ya juu na ya chini kwa kuzizungusha kinyume, robo duara kwa wakati mmoja, ukifunga mlango kila mara kuangalia.

Kama umemaliza skrubu zote hizo na bado pengo ni la mshazari, acha bawaba. Weka kipima usawa, au bakuli la maji, juu ya kichwa cha kabati. Sakafu ya chumba ndiyo iliyoinama, na kipande cha kadibodi chini ya kona moja ya kabati kitanyoosha milango yote miwili kwa mara moja.